Herufi Niliyoiondoa kwenye Shairi la Mama

Mwaka ulipokaribia kutimia tangu tumzike Mama, watu wa nyumbani walikubaliana tufanye ibada ya kumbukumbu kule kwetu, nje kidogo ya Chwele, Bungoma. Ndugu zangu waligawana kazi kwa simu. Mmoja atachukua mahema, mwingine ng'ombe, mwingine padri. Mimi nikapewa shairi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Mwalimu wa Kiswahili ataandika, na dada yetu mkubwa, aliyemuuguza Mama mpaka mwisho, ndiye atakayelisoma mbele ya watu.

Ninaishi Matisi, mjini Kitale, na ninafundisha sekondari. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba shairi si mawazo tu, ni sauti pia. Ninawaonyesha jinsi konsonanti moja inavyoweza kurudiwa mwanzoni mwa maneno, jinsi irabu moja inavyoweza kutawala mshororo mzima, na jinsi sauti fulani inavyoweza kujificha katikati ya maneno na kuyafunga pamoja. Yote hayo tunayaita takriri. Nayafundisha vizuri, naweza kusema hivyo. Lakini nilipokaa mezani kumwandikia mama yangu, sikuweza kutulia kwenye kiti. Niliandika neno, nikainuka kuangalia kama maji yamechemka. Niliandika jingine, nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kilichotoka siku hiyo kilianza hivi:

*Kikapu kikongwe kikakatika kamba,*
*Kuku wakakurupuka, kukicha wakikimbia;*
*Kifo katili kikakukata kauli,*
*Tukatapatapa, tukatazamana, tukatetemeka.*

Nilijisomea kwa sauti, nikaridhika. Mama aliuza kuku sokoni Chwele maisha yake yote, na kikapu chake tulikijua sote. Nikampigia dada yangu, nikamsomea.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akitaka kunitania au kunikanya. "Unagombana na nani?"

"Sigombani na mtu. Ni shairi la huzuni."

"Rakini si huzuni ninayosikia. Ni kama unapiga mtu makofi. Ka-ka-ka, ta-ta-ta. Hata pumzi yangu imekatika na si mimi nasoma."

Nilitaka kumbishia, kisha nikajisikiliza. Alikuwa amesema kweli, tena kwa namna ambayo ningeweza kuiandika ubaoni. Ukitamka k au t, pumzi inazuiwa mdomoni halafu inaachiliwa ghafla. Huwezi kuivuta k, ikishatoka imekwisha. Ukizipanga k na t nyingi kwenye mshororo mmoja, ulimi hauna pa kupumzikia, na anayesikiliza naye hapumziki. Nilidhani naandika huzuni, kumbe nilikuwa naandika hasira. Nilimkasirikia daktari, nikakasirikia barabara, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuchelewa kufika. Maneno yangu yalisema msiba, sauti zikasema ugomvi.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Nusu ya zile k sikuwa nimezichagua. Kiswahili chenyewe ndicho kilichonipa. Ukishasema *kikapu*, sarufi inakulazimisha useme *kikongwe* na *kikakatika*, na mtu anaweza kudhani ametunga takriri kumbe amefuata ngeli tu. Huwa nawaonya wanafunzi wangu kuhusu hilo: usijisifu kwa sauti uliyopewa bure. Dada yangu alinionya kwa njia yake.

"Halafu sisi tunasema kikapu ya Mama," alisema. "Hizo ki-ki-ki zako zitanichanganya mdomo mbele ya watu, bana."

Nikalichana shairi lile.

Nilijua dawa, au nilidhani najua. Kama k na t zinakata, nitafute sauti zinazotiririka. L hutamkwa ulimi ukigusa juu ya meno huku hewa ikipita pembeni bila kuzuiwa. Ukiiweka pamoja na a, irabu ya mdomo ulio wazi, unapata wimbo wa kubembelezea mtoto. Ndiyo maana *lala* ni neno la kulaza hata kwa mtoto asiyejua maana yake. Niliandika nikitembea, karatasi mkononi, kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi. Mume wangu aliniuliza kama kuna kitu nimepoteza.

*Lala, Mama, lala. Jua nalo limelala,*
*Milima nayo imelala, malaika wamelala pembeni.*

Nikamtumia dada yangu kwenye simu, na kabla sijamaliza kukatakata sukuma wiki, jibu likaingia. Alikuwa amejirekodi akisoma. Nikaweka kisu chini, nikasikiliza.

"*Rara, Mama, rara, jua naro rimerara, mirima nayo imerara, maraika wamerara pembeni.*"

Nikairudia. Nikairudia tena nikiwa nimesimama dirishani.

Kwetu Bungoma ni hivyo. L na r hubadilishana nafasi midomoni mwa watu, na hakuna anayeshtuka ila mgeni. Mimi pia nilikuwa hivyo mpaka nilipofika chuo cha ualimu. Huko wenzangu waliokulia mijini walikuwa wakinisemesha makusudi niseme neno lenye l, kisha wakaanguka vitandani wakicheka. Nilijifunza kuupeleka ulimi wangu mahali pake, nikifanya mazoezi bafuni, maji yakimwagika ili nisisikike. Sasa sauti ya dada yangu ilikuwa imenirudisha kule bafuni.

Lakini si aibu tu iliyonihangaisha. Shairi lenyewe lilikuwa limegeuka. R haipitishi hewa kwa upole kama l. Ncha ya ulimi inapigapiga, inatetemeka. Mshororo niliouandika utiririke kama maji ulikuwa sasa unanguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Kubadilisha konsonanti moja tu, iliyorudiwa mara nyingi, kulikuwa kumehamisha shairi zima kutoka kitandani hadi barabarani. Na watakuwepo wakwe zetu, watakuwepo wageni wa kutoka Nairobi, nikawaona wakifunika midomo kwa vijitabu vya ibada.

Vijitabu vyenyewe vilikuwa vinachapishwa Kitale, katika duka la mzee mmoja Singasinga ambaye amewachapishia watu wa mji huu kadi za harusi na matangazo ya matanga tangu nikiwa msichana. Alikuwa amenipigia kuulizia shairi.

"Mwalimu, kila kitu tayari. Picha ya mama iko, nyimbo ziko. Ukurasa wa shairi uko wazi. Mimi nichapishe nini hapo, maua?"

Nilimwomba anipe mpaka kesho yake. Usiku ule sikuandika kitu. Asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, nikafanya jambo lililoonekana la busara wakati ule. Nilichukua kila neno lenye l nikaliondoa. Nikaondoa na r, nisije nikanaswa upande wa pili. Nilibaki na m, n, ng', ny na w. Hizo pia ni sauti laini. Hewa ya m na n hupitia puani, mdomo umefungwa au ulimi umeziba, na unaweza kuishikilia m kadiri pumzi yako inavyokuruhusu. Kisha hakuna mtu wa Bungoma atakayekosea kutamka m.

*Mama, mwanga mwanana wa moyo mwema,*
*Umo mvumoni mwa miti, mnong'ononi mwa mvua;*
*Nasi tumenyamaza, tumeinama, tunanena nawe.*

Lilikuwa shairi safi. Nililipeleka dukani nikielekea kazini, mzee akalichapa mbele yangu huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Nzuri sana," akasema. "Nalala mimi." Sikujua kama ni sifa.

Siku mbili kabla ya ibada nilifika nyumbani na maboksi ya vijitabu. Uwanja ulikuwa umejaa kazi. Wanaume walikuwa wakisimamisha mahema, na kina mama wa jirani wakichambua mchele kwenye ungo. Dada yangu alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda akinyonyoa kuku. Nikampa kijitabu. Alipangusa mikono kwenye leso, akakifungua, akasoma kimyakimya midomo ikichezacheza. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, na hakukosea hata neno moja.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Mama."

"Huyu si Mayi." Ndivyo tulivyomwita tukiwa wadogo, kwa lugha ya nyumbani. "Mayi alinong'ona lini? Mayi alikuwa anaita mtu kutoka hapa anasikika Chwele. Na sisi tuliinama kufanya nini, kama si kufukuza kuku wake? Na hii m-m-m yote, ni kama mtu anaumwa na jino."

Nilicheka, kwa sababu alikuwa sahihi tena. M inaweza kuwa utulivu, lakini pia ni mlio wa mtu anayeugulia, au wa mtu aliyenuna na hataki kufungua mdomo. Sauti peke yake haina hali moja. Maana ya maneno ndiyo inayoishika mkono na kuionyesha njia, na mimi nilikuwa nimeandika maana isiyomhusu mwanamke yule.

Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia kijitabu tena, kidole kikipita chini ya mistari.

"Ile ya *rara* iko wapi?"

"Nimeibadilisha."

"Kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari za mtiririko na irabu. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, "Kuna hata neno moja hapa ambalo mimi nakosea?"

Nikaanza kuokota manyoya yaliyoanguka.

"Umetoa yote," akasema. "Umepita kama mtu anatoa mawe kwa mchele. Ndio nisikuaibishe."

"Dada, si hivyo."

"Ni hivyo. Sikirize. Wewe ndio ulisoma, mimi sikatai. Rakini Mama hakukubeba mgongoni. Nirikubeba mimi. Yeye arinibeba mimi." Akimkumbuka Mama, au akikasirika, l zake nyingi hupotea. "Akienda Chwele, kikapu kichwani, kuku kwapani, mimi mgongoni. Nikilia hasimami. Mama hakujua kusimama. Anaendelea kutembea na anasema *rara, mayi, rara*, mayi ni mimi. Unajua inafanya nini hiyo, ukiwa mgongoni?"

Nilitikisa kichwa kuwa sijui.

"Inatetemeka. Si kwa masikio, ni hapa." Akajigonga kifuani kwa ngumi, manyoya ya kuku yakabaki kwenye blauzi. "Unaweka shavu kwa mgongo yake na ile *rrr* inakuingia kwa shavu. Hapo ndio usingizi unakuja. Ungesema *lala* yako ya redio, mimi singelala mpaka leo."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa nimefundisha miaka yote hiyo kwamba l hutuliza na r husumbua, na sikuwahi kuulizwa, inamtuliza nani? Inamsumbua nani? Mtoto aliyelazwa na mwanamke anayetembea kwa haraka hawezi kujua usingizi usiokuwa na mtetemo ndani yake. Lakini lililoniumiza zaidi ni kwamba mimi sikuwa na kumbukumbu ile. Nilipozaliwa, mimi kitindamimba, Mama alikuwa amechoka kubeba watoto, na mgongo ninaoukumbuka mimi ni wa huyu aliyekuwa mbele yangu na kuku mkononi.

"Tuandike ingine," nikasema.

"Vitabu si vimechapishwa?"

"Viache."

Hatukuwa na mahali pa kutulia. Tuliandika yeye akinyonyoa, akiinuka kuonja mchuzi, akimfokea mtu kuhusu kuni, mimi nikimfuata na kalamu. Pengine ndiyo maana shairi lile lilipata mwendo. Nilimwambia zile k za kwanza hazikuwa mbaya, ila nilizipeleka kwenye kifo badala ya kuzipeleka sokoni. Akasema basi zipeleke sokoni. Akanipa mwenyewe kikapu kichwani na kuku kwapani, maneno yale yale aliyotoka kuyasema, na nilipoyaandika niliona k zake zimejipanga bila kuitwa. Nikaongeza ch, kwa sababu Chwele ilikuwa inaidai.

*Kukicha, kikapu kichwani, kuku kwapani,*
*Chapuchapu, chepechepe, Chwele kumechangamka.*

"Hapo naona umande," akasema. "Naona na miguu yake."

Ilibaki kazi ya kumtoa Mama sokoni mpaka kaburini bila kumtupa. Huwezi kuruka kutoka k hadi kimya, msikilizaji ataanguka. Nilitafuta sauti ya katikati, nikaipata kwenye mb. Mb huanza na mvumo wa puani kama m, kisha midomo inapasuka kama b. Ina upole na ina kishindo. Sikuiweka mwanzoni mwa maneno, bali katikati, pale ambapo sikio halioni lakini linahisi.

*Uliomba ukiimba, ukatembea umbali, ukapambana.*

Dada yangu aliusoma mshororo ule mara kadhaa akikoroga sufuria, na kila mb mwiko wake ukagonga ukingo. Kisha nikamwomba anisimulie siku yenyewe aliyoondoka Mama. Alisema asubuhi ile kulikuwa na ukungu kutoka mlimani, hata zizi halikuonekana. Nikaacha konsonanti zijipange zenyewe, nikashika irabu moja tu. U hutamkwa midomo ikiwa mviringo na ulimi umerudi nyuma, ni sauti ya chini na yenye giza.

*Ukungu ukatua uwanjani, utupu ukatuzunguka.*

Nilimsomea huo pia. Aligeuka akaenda kuangalia moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Mshororo wa mwisho nilimwachia yeye. Nilimwambia auseme, nami niandike kama ulivyotoka mdomoni mwake.

Siku ya ibada sikuweza kukaa. Nilisimama kando ya hema, nikihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Padri alipotangaza shairi, mchakacho wa karatasi ukasikika, watu wote wakifungua ukurasa niliolipia, wenye mwanga mwanana na moyo mwema. Dada yangu akashika kipaza sauti na karatasi yake iliyochafuliwa na mchuzi.

Alipoanza, niliona vichwa vikiinama kwenye vijitabu, vikainuka, vikainama tena. Shemeji yetu mmoja alipindua kurasa akitafuta. Lakini kwenye *chapuchapu, chepechepe* mama mmoja muuza vitunguu, jirani wa Mama sokoni, alipiga makofi na kusema kwa sauti, "Ndiye huyo!" Watu wakacheka, na vijitabu vikashuka magotini. Kwenye mb kicheko kilipungua. Wanaume wawili watatu walikuwa wanatikisa vichwa kwa mapigo, nadhani bila kujua. Kwenye u nilisikia kimya kikiingia mstari kwa mstari kutoka mbele kwenda nyuma, na mtoto aliyekuwa analia akasikika peke yake.

Kisha dada yangu akakunja karatasi, akasema, "*Rara, Mayi. Umetembea ya kutosha. Rara.*"

Msichana mmoja kwenye safu ya wageni wa mjini alicheka. Nilimsikia wazi, na mwili wangu ukawaka moto kama nilivyokuwa nikiwaka kule chuoni. Nikamtazama dada yangu. Alikuwa amemsikia pia. Hakurudi nyuma. Alikaribia kipaza sauti zaidi, akalirudia neno lile akiivuta r, ulimi ukipigapiga, mpaka vipaza sauti vyenyewe vikatetemeka juu ya nguzo. Akina mama wa umri wa Mama wakamjibu, si kwa pamoja, kila mmoja kwa wakati wake, *rara, rara*, kama watu wanaojibu salamu.

Mimi sikujibu. Nilijaribu, na nilichokisikia kikitoka mdomoni mwangu kilikuwa *lala*, safi kabisa, ya kitabuni. Nilifunga mdomo.

Baada ya chakula watu walikuja kuniuliza nakala ya lile shairi jingine. Niliwaambia haipo, na mmoja wao hakuniamini. Mama muuza vitunguu aliomba nimwandikie la kwake mapema, angali hai alisikie, na alitaka ch nyingi. Dada yangu alikuwa akisugua sufuria kwa majivu, mikono myeusi hadi viwiko. Nilipochuchumaa kumsaidia, alinisogezea sufuria ndogo.

"Sema tena," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Niseme nini?"

"Ile *rara*. Nilikuona pale kando ya hema. Weka ulimi juu, kisha uache utetemeke. Usiushike."

Nikasugua. Nikajaribu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema bado.